Ananitumia "Mambo" tu, kisha kimya

Shikamoo Anti.

Nina miaka 35, naishi Tabata Segerea na mume wangu na watoto wawili, nafanya kazi ofisi ya uwakala wa forodha huku Posta. Nina rafiki yangu, nimwite Z. Tulikaa chumba kimoja Hosteli za Mabibo enzi za chuo, tulikuwa hatuachani. Baada ya chuo mimi nilipata ajira, mwenzangu hakubahatika. Sasa ana kiduka cha vipodozi Mbagala Rangi Tatu. Ni muda mrefu hatujaonana.

Kila baada ya siku chache, usiku, ananitumia "Mambo" kwenye WhatsApp. Hilo tu. Nikijibu "Poa, za kwako?" anasema "Safi". Nikisema "Nambie" anajibu "Nipo tu". Basi, tumemaliza, hadi wiki ijayo. Nikiona jina lake huwa najisemea leo ataomba hela, lakini haombi. Nisipomjibu hasemi kitu, ila namwona kwenye stetasi zangu, zote anaangalia.

Kazini bosi wetu mpya ametuwekea utaratibu: salamu na shida viende kwenye meseji moja, hakuna kutuma "Hi" ukasubiri ujibiwe. Nimeupenda. Mara mbili nimemwandikia Z "Poa, ukiwa na jambo sema moja kwa moja tu", nikafuta kabla sijatuma. Mume wangu anasema nisijibu kabisa, atachoka mwenyewe. Mimi sitaki nimpoteze, na pia nimechoka na mchezo huu.

Anti, mtu anayetuma "Mambo" tu anataka nini hasa? Na nimjibu vipi, lisiwe jibu la kiofisi wala la kinafiki?

Niliyechoshwa na Mambo, Tabata

---

Marahaba mdogo wangu.

Kabla ya Z, naomba tuiangalie barua yako. Umeandika "Shikamoo Anti", halafu hapohapo ukaendelea: umri, unapoishi, kazi, rafiki, swali. Hukungoja marahaba yangu. Tungekutana ana kwa ana usingefanya hivyo, ungesimama kidogo nikuitikie, nikuulize hujambo, watoto hawajambo, ndipo ungeanza. Kwenye barua ulijua bila kufundishwa kwamba huyu mtu hayupo mbele yangu, nikingoja aitikie tutakesha.

Barua zetu za zamani zilikuwa na mpango wake kwa jambo hili. Waliowahi kuandikiwa wanaukumbuka: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulia hali. Kisha habari mbilitatu za nyumbani, mvua, nani kaoa, nani kafiwa. Angalia dhumuni lenyewe: kukujulia hali. Mtu alinunua stempu, akapanga foleni posta, akaandika kurasa mbili bila kuomba chochote, na aliyepokea hakukaa kujiuliza "huyu anataka nini?"

Salamu ya mdomo ina njia yake nyingine. Ukikutana na Z kituoni Buguruni atasema mambo, utasema poa, za kwako, safi, watoto, wazima, shemeji, yupo, na katikati ya hayo mmoja wenu atakumbuka kitu: "Hee, unajua yule mwenzetu wa chumba cha pili kaolewa?" Mazungumzo yameanza, wala hakuna anayejua nani kayaanzisha. Yote hayo hayafiki hata nusu dakika. Macho, mkono uliopeanwa na kicheko ndivyo vinavyosukuma maneno mbele.

Z anachukua salamu hiyo ya kituoni anaiweka kwenye maandishi, mahali ambapo "Mambo" inafika saa tatu usiku, "Poa" inatoka saa nne baada ya watoto kulala, na "Safi" inaonekana asubuhi ukiwa kwenye daladala. Nusu dakika imevutwa ikawa saa kumi. Katika kuvutwa huko, ile nafasi ya kukumbuka kitu imepotea. Kinachobaki ni maneno ya kuitikia tu, na maneno ya kuitikia yakisimama peke yake yanafanana na mtu asiye na lengo.

Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Emanuel Schegloff, ambaye mwaka 1968 alichapisha uchambuzi wa namna watu wanavyoanza mazungumzo ya simu. Alionyesha kwamba mlio wa simu ni mwito, anayepokea analazimika kuitika, na akishaitika, zamu inarudi kwa aliyeita: ni yeye sasa anayepaswa kusema kilichomfanya aite. Ndiyo maana mtu akikupigia halafu akanyamaza unakereka. Nadhani hasira yako inatoka hapo hasa. Unaisikia "Mambo" ya Z kama mlio wa simu, umeitika, unangoja aliyeita aseme. Yeye, inawezekana kabisa, anaisikia kama salamu ya kituoni, ambayo zamu haina mwenyewe na yeyote anaweza kuleta habari. Kwa hiyo naye anangoja. Mmekaa wawili, kila mmoja anadhani zamu ni ya mwenzake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wewe umelipita haraka kwenye barua: wewe ulipata ajira, mwenzako hakubahatika.

Unakumbuka kubipu? Simu inalia mara moja, inakatwa, na aliyebipiwa ndiye anayepiga kwa vocha yake. Kulikuwa na sheria zake, na hakuna aliyezitangaza. Mtafiti mmoja, Jonathan Donner, aliwahoji watu Rwanda kuhusu tabia hiyo na akaichapisha mwaka 2007, na sheria kubwa aliyoikuta huko ni ileile tuliyokuwa tukiifuata hapa Dar: mwenye uwezo zaidi ndiye anayepiga. Mdogo anambipu mkubwa, mfanyakazi anambipu bosi, kijana anayemtaka msichana hathubutu kumbipu, atapiga mwenyewe. Na si kila bipu ilimaanisha "nipigie". Nyingine ilimaanisha "nimefika", nyingine "nimekukumbuka tu, usipige".

Bando zimekuja, kubipu kumepungua sana, lakini sina hakika kama ile sheria imeondoka. Mtu anayejiona yuko chini kidogo anatuma alama ndogo kabisa na kumwachia aliye juu aamue kama kuna mazungumzo. Z akikuandikia kurasa mbili kuhusu duka lake, halafu ukamjibu kwa kidole gumba, ameumbuka. Akituma "Mambo" ukasema "Poa", hajapoteza kitu. Hajaomba, hajanyimwa. Hilo ni neno salama kuliko yote aliyonayo.

Sisemi ndivyo ilivyo. Nina barua yako tu, ya Z sina. Inawezekana pia ni mazoea: amefunga duka, amekaa kitandani, anashuka kwenye orodha ya majina anatupia "Mambo" watu kumi, wewe ukiwa wa nne. Inawezekana kuna jambo linamwelemea na kila akitaka kuliandika anaishia kwenye salamu. Inawezekana kweli anajongea taratibu kwenye ombi la hela. Lakini ushahidi uliouleta wewe mwenyewe hauelekei sana upande huo wa mwisho. Hajawahi kuomba. Anaandika usiku, saa ambazo mwenye duka amekwisha kuhesabu mauzo na hana wa kuzungumza naye. Anaangalia stetasi zako zote. Mtu anayetaka hela yako kwa kawaida hana subira ya muda mrefu kiasi hicho.

Hebu tuziangalie na meseji zako, kwa upole. "Poa, za kwako?" ina jibu moja tu, na Z amelitoa. Watu wengi wanadhani "za kwako" ni swali. Kwenye simu imekwisha kuwa kiitikio, kama "marahaba" yangu. "Nambie" ndiyo yenye utata zaidi. Kwa mtu mwenye jambo, ni neno zuri sana, linamfungulia njia. Kwa mtu asiye na jambo ni mzigo, maana sasa lazima alete kitu chenye uzito wa kuambiwa. Mwenye duka Rangi Tatu aliyeuza mafuta ya nazi na rangi za kucha kutwa nzima atakwambia nini? "Nipo tu." Na "nipo tu" yake ilikuwa ni kweli.

Kwa hiyo ile meseji uliyoifuta mara mbili, mimi ningeiacha ilipofutiwa, ingawa uamuzi ni wako. Utaratibu wa bosi wako ni mzuri kwa ofisi. Wewe na mwenzako wa dawati la pili mmeajiriwa kushughulikia mizigo bandarini. Akikutumia "Hi" bila namba ya kontena, kweli anakupotezea muda, na kontena linakaa linaongeza gharama. Hapo salamu ni mlango wa kazi, na kazi ndiyo sababu ya kuandikiana. Kwa Z hakuna kontena. "Ukiwa na jambo sema moja kwa moja" inamwambia kwamba bila jambo hana sababu ya kukuandikia, na huenda hilo ndilo alilokuwa anapima.

Sasa jibu lenyewe. Ningejaribu hivi: siku moja ambayo hujachoka sana, akituma "Mambo", itikia, kisha tia habari moja ndogo ya kweli kutoka kwako, kisha swali moja linalojibika kwa mstari mmoja. Yote kwenye meseji moja, kama zile barua. Kwa mfano:

"Poa Z. Ndo naingia ndani, foleni ya Tabata leo ilitaka kunitoa machozi. Mdogo kaanza kukataa uji, nimemkumbuka yule mwenzetu aliyekuwa anamwaga chakula cha kafeteria. Hivi duka unafunga saa ngapi siku hizi?"

Tazama kinachofanyika hapo. Habari ni ndogo, haihitaji pole wala hongera, kwa hiyo haimwelemei. Haihusu gari wala safari wala mshahara, vitu vitakavyomkumbusha tofauti yenu. Ina kitu cha Mabibo, ambacho ni chenu wawili. Na swali ni la kwake, kuhusu siku yake, lina jibu rahisi: saa tatu. Linganisha na "Habari za siku nyingi, maisha yanaendaje?" Hilo linasikika kubwa na lenye upendo, lakini nani ana nguvu ya kueleza maisha yanaendaje saa nne usiku? Atasema "yanaenda".

Habari lazima iwe ya kweli. Umeniuliza kuhusu unafiki, na hapa ndipo unapoingia: mtu akitunga uchangamfu asionao. Kama umechoka, sema umechoka: "Poa Z, leo nimechoka kweli nalala. Jumamosi nipo nyumbani, nitakupigia mchana." Lakini andika hivyo kama utapiga. Ahadi ya "nitakucheki" isiyotimizwa inaumiza kuliko "Poa" kavu, na watu wa Dar tumekuwa mafundi wa ahadi hiyo.

Wala huhitaji kujibu papo hapo. Kama zile tiki za bluu ndizo zinazokufanya ujisikie unadaiwa, unaweza kuzizima kwenye mipangilio ya faragha. Nawe hutaziona za wengine, na kwenye magrupu zitaendelea kuonekana. Binafsi naona ni nafuu ndogo. Kinachomuumiza mtu ni majibu yote kuwa ya neno moja, saa mbili za kuchelewa anazisamehe.

Halafu mpe muda. Akijibu "Saa tatu" tu, usikate tamaa na usimrundikie maswali kama askari. Mara ya pili leta habari nyingine, swali jingine: mzigo anachukulia Kariakoo mtaa gani, yule dada yake wa Morogoro alishajifungua. Utaanza kuona. Akianza kurudisha habari, hata fupi, ujue kweli alikuwa anangoja zamu. Akiendelea na "safi" na "poa" kila unapojaribu, basi pengine kwake "Mambo" ni ya kujulisha kuwa yupo na anajua upo, hana zaidi. Hapo unaweza kumwitikia kwa neno moja bila kinyongo, kwa sababu sasa unajua ni neno moja alilotaka. Na wakati mwingine uanze wewe. Ukianza wewe, lile wazo kwamba anakusumbua litakuwa limepoteza nguvu kwa pande zote mbili.

Ipo njia ya kumuuliza waziwazi. Sikukatazi, ila usiiandike. Maandishi hayana sauti, na "Mbona unatuma Mambo tu?" inasomeka kama shtaka hata ukiweka emoji tatu za kucheka. Kwenye simu, kwa utani mliokuwa nao Mabibo, inaweza kupita: "We Z, kila siku mambo mambo, leo nataka hayo mambo yenyewe!" Mtu akicheka amepata mlango wa kusema lililopo, na kama halipo, mmecheka. Kama hutaki kupiga, ujumbe wa sauti wa nusu dakika unabeba karibu yote hayo. Hatari yake ni kwamba kama kweli ana jambo zito, utani unaweza kumfanya alifunike zaidi, kwa hiyo sikiliza anavyonyamaza.

Njia ya mume wako, ya kukaa kimya, naielewa inakotoka. Anakuona unashtuka kila usiku na anataka upumzike. Huenda ikafanya kazi kama anavyosema, Z atachoka. Ila Z hatajua kama ulikuwa na shughuli, ulihama namba, au uliona haya kuwa na rafiki wa Rangi Tatu, na mtu akiachiwa kuchagua kwa kawaida huchagua la tatu. Kimya pia hakikupi jibu la swali lako. Hutajua kamwe alikuwa anataka nini.

Niseme moja kwa wasomaji wengine, maana barua za "Mambo" zinanifikia nyingi. Haya yote ni kwa mtu unayemjua. "Mambo" au "Hi" kutoka namba ngeni ni habari tofauti, na kuuliza "nani mwenzangu?" mara moja inatosha. Asipojitaja, au akianza kuwa rafiki wa ghafla mwenye biashara ya faida kubwa, acha kujibu na zuia namba. Meseji za kitapeli unaweza kuziripoti TCRA kupitia 15040. Na yule mwanaume wa ofisi ya jirani anayetuma "Mambo" saa sita usiku, dada zangu, huyo lengo lake mnalijua, msiniulize mimi.

Nirudi kwako. Unaogopa hela, na nadhani hofu hiyo ndiyo inayofanya majibu yako yawe mafupi: ukimchangamkia utakuwa umemfungulia ombi. Inaweza kutokea. Umemwandikia vizuri wiki tatu, mmeanza kucheka tena, halafu siku moja inakuja, "Z hapa, samahani, kodi ya fremu imenibana." Utajisikia mjinga, utasema nilijua tu. Usiharakishe. Mtu aliyekutafuta miezi yote hiyo bila kuomba, akaja kuomba siku alipobanwa, hajathibitisha kwamba salamu zote zilikuwa za uongo. Marafiki huombana.

Ila amua sasa, ukiwa umetulia na ukiwa umezungumza na mume wako, ni kiasi gani unaweza kutoa bila kungoja kirudi. Kama ni elfu thelathini, iwe elfu thelathini, hata akiomba laki mbili, na umtajie wazi: "Laki mbili sina Z, nina thelathini, na hiyo usinirudishie." Kama huna, sema huna siku hiyohiyo, usimzungushe hadi mwisho wa mwezi. Halafu wiki inayofuata uanze wewe salamu, kwa sababu aliyenyimwa huona aibu kuanza, na hata aliyepewa pia.